Chai ya Saa Nane ya Usiku

Katika hospitali moja hapa Mombasa, muuguzi wa wadi ya wazazi na kijana wa maabara walizoea kunywa chai saa nane ya usiku, wagonjwa wakishapimwa. Mwanzo walikuwa watatu. Mwenzao mtu mzima alipohamishiwa zamu ya mchana, wakabaki wawili.

Mazungumzo yao yalikuwa ya kazi: damu iliyochelewa, mzazi aliyeokoka. Kisha kijana akawa anakuja na mahamri ya mamake, na binti akajua kuwa mwenziwe hatii sukari. Hakuna aliyemgusa mwenziwe, wala neno la mapenzi halikutamkwa. Lakini jioni moja binti alijikuta akijitia wanja kwa ajili ya zamu, akashtuka.

Usiku ule aliuacha mlango wazi, akasema, "Ndugu yangu, chai hii imeingia neno. Likiwa la heri, baba yangu huwa nyumbani baada ya Alasiri. Likiwa silo, tusinywe tena."

Kijana akainamisha kichwa. Alikwisha kuoa na kuacha, na ana mtoto mmoja. Hayo hakuwa ameyasema. Akayasema pale pale.

Juma lililofuata ami yake alipeleka posa, na habari ya mtoto ikatangulizwa mbele ya wazee. Baba akaomba muda, akauliza huku na huku, kisha akaridhia.

Enyi wazazi, faragha haingoji mlango kufungwa. Huanza pale wa tatu anapoondoka na chai ikaendelea.