Barua Zinaingia, Hazitoki

Seva mpya ya baruapepe iliyofungwa kwenye mashine ya kukodi mara nyingi huanza na kituko kimoja: barua za nje zinaingia bila tabu, lakini zinazoandikwa ofisini haziendi popote. Wateja hawalalamiki, maana hawajui kwamba waliandikiwa. Fundi naye hukesha akibadilisha mipangilio ambayo haina kosa lolote.

Seva za baruapepe hupeana barua kupitia mlango namba 25, utaratibu ulioandikwa mwaka 1982, zama ambazo waliokuwa mtandaoni karibu wote walijuana. Leo kampuni nyingi zinazokodisha seva huufunga mlango huo kwa barua zinazotoka na kuuacha wazi kwa zinazoingia. Hofu yao ni watuma barua taka, wanaoweza kukodi mashine kwa dola chache, wakamwaga barua usiku mmoja na kutoweka. Anwani za IP zilizochafuliwa hubaki mikononi mwa kampuni, na mpangaji anayefuata hurithi lawama.

Masharti yanatofautiana. Mashine za Google Cloud kwa kawaida haziruhusiwi kutuma nje kupitia mlango 25. Amazon hufungua kwa maombi. Hetzner ya Ujerumani humtaka mteja amalize mwezi wa kwanza na kulipa ankara yake kabla ya kuomba.

Kufungwa huku hakutangazwi. Postfix, programu inayotumika sana kwa kazi hii, huandika tu kwenye kumbukumbu zake `Connection timed out`, kisha huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena na tena. Isipobadilishiwa mipangilio, huendelea hivyo kwa siku 5 ndipo imrudishie mwandishi barua yake. Siku 5 ni nyingi kwa mtu anayesubiri bei ya chumba cha hoteli! Kipimo chake ni amri moja inayoendeshwa ndani ya seva yenyewe:

```
nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25
```

Jibu likija mara moja, njia iko wazi. Amri ikining'inia kimya huku tovuti zikifunguka vizuri kutoka kwenye mashine hiyohiyo, na ukuta wa ulinzi wa seva hauzuii kitu, wa kuandikiwa ni mwenye mashine.

Tuseme amekubali na mlango umefunguliwa. Sasa barua zinafika Gmail, lakini zinarudishwa papo hapo na namba `550-5.7.25`. Hapa hakuna kimya tena. Mpokeaji amejibu, na amekataa. Anachotaka ni rekodi ya PTR, ambayo hufanya kazi kinyume cha DNS ya kawaida: badala ya kutoa anwani kwa jina, hutoa jina kwa anwani. Chukua seva yenye anwani 203.0.113.25 inayojitambulisha kama mail.example.com. Gmail huiuliza DNS anwani hiyo ni ya nani, hupewa jina, kisha huliuliza jina hilo liko kwenye anwani gani. Majibu mawili yasipokutana, barua hairuhusiwi. Fundi anaweza kuuliza swali lilelile:

```
dig -x 203.0.113.25 +short
dig mail.example.com +short
```

Kosa la wengi ni kwenda kuandika PTR kwa wakala aliyewauzia jina la .co.tz au .co.ke. Rekodi itakubaliwa na kuhifadhiwa, lakini haitasaidia kitu, kwa sababu majina ya kinyume humilikiwa na mwenye anwani, si mwenye jina. Kwa anwani zilizogawiwa Afrika, mamlaka hayo hushuka kutoka AFRINIC, yenye makao Morisi, hadi kwa kampuni ya intaneti. Kwa hiyo anayeombwa ni kampuni ya intaneti au mkodishaji. DigitalOcean huchukua PTR kutoka kwenye jina la mashine, hivyo mashine lazima ipewe jina kamili kama mail.example.com.

Kuna mtego mwingine unaosumbua hata wazoefu. Rekodi ya IPv4 imekaa sawa, ila barua nyingine zinapita na nyingine zinagoma. Seva huwa na anwani ya IPv6 pia, na ikituma kupitia hiyo isiyo na PTR, Gmail huikataa. Ama anwani hiyo iandikiwe rekodi yake, ama Postfix iambiwe `inet_protocols = ipv4` na kuanzishwa upya.

Asiyefunguliwa mlango 25 hupitisha barua zake kwa msafirishaji, kwa kawaida kupitia mlango 587 na nywila. Gmail itaiona anwani ya msafirishaji, kwa hiyo PTR ni jukumu lake, ingawa mwenye jina lazima amtaje msafirishaji huyo kwenye rekodi yake ya SPF. DigitalOcean huzuia 587 na 465 pia, lakini wasafirishaji wengi huweka mlango wa akiba, 2525.