Joto la Kawaida la Simu na Betri Iliyovimba

Simu inapochajiwa hupata joto kwa sababu sehemu ya umeme unaoingia kwenye betri hupotea kama joto. Mtu akicheza gemu au akipiga simu ya video huku chaja imechomekwa, prosesa nayo huongeza joto lake. Hapo simu hujilinda yenyewe: hupunguza kasi ya prosesa na ya kuchaji, ndiyo maana huanza kuwa nzito. Huo si ubovu. Ikivuliwa kava na kuachwa kivulini bila kutumiwa, hupoa baada ya muda mfupi na wepesi wake hurudi.

Betri inayokufa ni jambo jingine. Kemikali zake zikiharibika hutoa gesi, na gesi hiyo huvimbisha mfuko laini unaozifunika. Chaji huweza kuwa asilimia 40 na simu ikazima ghafla, na kioo huanza kuachana na fremu upande mmoja. Simu yenye mgongo bapa ikilazwa juu ya meza huyumba, au huzunguka kama pia inaposukumwa kwa kidole. Yenye kamera iliyotokeza huyumba hata ikiwa nzima, hivyo hiyo hutazamwa ubavuni, kama kuna mwanya.

Betri iliyovimba haibonyezwi ili irudi, haitobolewi, wala haichajiwi tena hata mara moja, kwa kuwa inaweza kushika moto. Simu izimwe, iwekwe mbali na godoro na mapazia, kisha ipelekwe kwa fundi abadilishe betri.