Jedwali la Alama: Kutolingana kwa Kipeo cha Pili

Mlinganyo wa kipeo cha pili huwa na majibu mawili, au moja, au hukosa jibu kabisa miongoni mwa namba halisi. Katika kutolingana, ambako mahali pa alama ya sawasawa huwekwa mojawapo ya alama <, >, ≤ na ≥, jibu kwa kawaida huwa ni kipande kizima cha mstari wa namba, na kazi ya mkokotoaji ni kujua kipande hicho kinaanzia wapi, kinaishia wapi, na kama ncha zake zenyewe zimo katika jibu.

Ichukuliwe hali ya mfugaji mwenye wavu wa mita 20, anayetaka kuzungushia uwanja wa kuku wenye umbo la mstatili ambao eneo lake lisipungue mita za mraba 21. Kwa kuwa mzingo wote ni mita 20, upana na urefu vikijumlishwa hufanya mita 10. Hivyo upana ukiitwa x, urefu ni 10 − x, na sharti la mfugaji huandikwa x(10 − x) ≥ 21.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa kuandika kwamba x ≥ 21 au 10 − x ≥ 21, kana kwamba zao la namba mbili likifika 21 basi mojawapo ya namba hizo nayo lazima ifike 21, ilhali 3 na 7 zinatosha kuonyesha kuwa sivyo. Zao husema jambo la uhakika kuhusu vigawo vyake, yaani namba zinazozidishana, pale tu linapolinganishwa na sifuri: likiwa hasi, kimoja kati ya vigawo viwili ni chanya na kingine ni hasi. Kwa sababu hiyo kila kitu huhamishiwa upande mmoja, na kupatikana 10x − x² − 21 ≥ 0. Kisha pande zote huzidishwa kwa −1 ili x² iwe chanya, na kwa kuwa kuzidisha kwa namba hasi hugeuza mwelekeo wa alama, hupatikana x² − 10x + 21 ≤ 0, yaani (x − 3)(x − 7) ≤ 0.

Usemi huu huwa sifuri x ikiwa 3 au 7, na namba hizo, ziitwazo mizizi, hukata mstari wa namba katika vipande vitatu. Jambo linaloifanya njia hii iaminike ni kwamba usemi hauwezi kutoka chanya kwenda hasi bila kupita kwenye sifuri, kwa hiyo ndani ya kipande kimoja alama haibadiliki, na kujaribu namba moja tu katika kila kipande kunatosha. Zikijaribiwa 0, 5 na 8, jedwali la alama hujazwa hivi:

```
             x < 3    3 < x < 7    x > 7
x − 3          −          +          +
x − 7          −          −          +
zao            +          −          +
```

Zao ni hasi katika kipande cha kati, na ni sifuri kwenye mizizi yenyewe. Kwa kuwa alama ni ≤, mizizi nayo imo, na jibu ni 3 ≤ x ≤ 7. Kwenye mstari wa namba, ncha iliyomo huchorwa kwa kitone kilichojazwa:

```
──────●━━━━━━━●──────
      3       7
```

Lau alama ingekuwa <, vitone vingeachwa wazi. Na lau ingetafutwa x² − 10x + 21 > 0, jibu lingekuwa vipande viwili vya pembeni, x < 3 au x > 7. Baadhi huvibana pamoja kama 3 > x > 7, maandishi yasiyo na maana, kwani hudai kuwa 3 ni kubwa kuliko 7.

Si lazima alama zipishane kila mara. Mfugaji akidai mita za mraba 25, hupatikana (x − 5)² ≤ 0, ambapo kigawo kilekile hujirudia na zao ni chanya kulia na kushoto kwa 5. Anayejaza alama kwa mazoea, chanya, hasi, chanya, hatagundua kwamba jibu ni kitone kimoja tu, uwanja wa mraba wenye mita 5 kila upande. Akidai 26, usemi huwa (x − 5)² + 1, ambao haushuki chini ya 1. Mstari wa namba hubaki mtupu, na wavu wa mita 20 hautoshi kwa mstatili wowote.