Meza ya kiganjani

Fungua kiganja chako na ukiache kilegee. Chini ya vidole utaona mistari miwili inayokikatiza. Wa juu huanzia ukingoni, chini ya kidole cha mwisho, ukapinda kuelekea kidole cha kati au cha shahada. Wasoma viganja huuita mstari wa moyo. Wa chini yake huanzia upande wa pili, kati ya gumba na kidole cha shahada, ukakatiza kiganja kuelekea ukingo ule ule. Huo ndio mstari wa kichwa. Ngozi iliyobaki katikati, ambayo kwa watu wengi ni nyembamba kuliko kidole chenyewe, wao huiita pembenne, na wanaamini kwamba upana wake unaonyesha mtu amempa mwenzake nafasi kiasi gani ndani ya nafsi yake.

Vitabu vya zamani vya Ulaya vilivyoandikwa kwa Kilatini havikuiita pembenne. Viliiita mensa, yaani meza, na mstari wa moyo ukaitwa mstari wa meza. Jina hilo lilidumu hadi zama za Shakespeare. Waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri aliyoitoa Mwalimu Nyerere mwaka 1969, watamkumbuka yule mtumishi Launcelot Gobbo anayekitazama kiganja chake mwenyewe na kujihesabia wake na bahati. Katika Kiingereza cha tamthilia ile, kiganja anachojisifia kinaitwa kwa neno lenye maana ya meza. Watazamaji wa London wa wakati huo walizoea lugha hiyo.

Maelezo yanayorudiwa zaidi leo yametokana na mtu mmoja. Alizaliwa Ayalandi mwaka 1866 kwa jina la William John Warner, akajulikana duniani kama Cheiro, na akafia Hollywood mwaka 1936. Katika kitabu chake cha mwaka 1894 kuhusu lugha ya mkono, aliitengea pembenne maelezo yake. Kwa maoni yake, pembenne nzuri ni pana kwenye ncha zote mbili, haikubana katikati, na ndani yake hamna vijistari vingi. Mwenye nayo ni mtulivu wa akili na mwaminifu kwa rafiki na mpenzi. Ikibana mno, Cheiro alisema, mtu huyo ana fikra finyu, hasa katika mambo ya dini na maadili. Ikipanuka kupita kiasi, basi analegea katika mambo hayo hayo mpaka anajidhuru. Ikiwa imebonyea katikati kama kiuno cha nyigu, huyo ana upendeleo na hatendi haki. Na ikijaa vijistari, moyo wake hautulii.

Ukiyasoma maelezo hayo polepole unaona yalivyojengwa. Kichwa kiko upande mmoja, moyo upande mwingine, na katikati kuna chumba. Chumba kikiwa kipana, mawazo na hisia zinakaa bila kusukumana. Kikiwa chembamba, kimoja kinamkaba mwenzake. Ni picha inayoingia akilini haraka, hasa kwetu tunaosema kwamba mchoyo ana mkono wa birika na mwema ana moyo mkunjufu. Nadhani ndiyo maana pembenne imedumu miaka yote hii: kabla hujaambiwa chochote, lugha imeshakuandaa kuamini kwamba palipobana pana ubanaji.

Lakini pana ni kiasi gani? Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Cheiro hakutoa kipimo. Wasomaji walio makini hujibu kwamba nafasi hiyo haipimwi peke yake, bali inalinganishwa na upana wa kiganja chote. Jibu hilo lina mantiki. Mkono wa mtoto na mkono wa babake unaweza kuwa na umbo lile lile, ila mmoja ni mdogo. Ukitumia rula tupu utasema kila mtoto ana roho finyu.

Nilijaribu kipimo hicho nyumbani kwa dada yangu, ambaye ni fundi cherehani na hakosi futi ya kupimia shingoni. Upana wa kiganja tuliuchukua chini tu ya vidole, kutoka ukingo wa kidole cha shahada hadi ukingo wa kidole cha mwisho, gumba likiwa limeachwa nje. Wake ulikuwa sentimita 7.6, wangu 9. Kisha tukapima nafasi kati ya mistari miwili, chini ya kidole cha kati, viganja vikiwa vimenyooshwa juu ya meza. Wote wawili tulipata milimita 12. Kwa rula sisi ni sawa. Kwa uwiano, pembenne yake ni karibu sehemu ya sita ya kiganja, na yangu ni kama sehemu ya saba na nusu. Kwa hiyo yeye ndiye mwenye moyo mpana, jambo ambalo familia yetu haihitaji futi kulijua.

Kisha nikamwomba alegeze mkono, vidole vijikunje kidogo kama anavyokaa mtu asiye na shughuli. Tukapima tena mahali pale pale. Milimita 9.

“Kaka,” akaniuliza, “kwani nimekuwa mchoyo sasa hivi?”

Kutoka 12 hadi 9 ni robo nzima ya upana, na uwiano wake ukashuka hadi chini ya sehemu ya nane, akawa nyuma yangu. Hakuna kilichobadilika ila mkao wa vidole. Anayesoma kiganja kilichonyooshwa na anayesoma kiganja kilicholegea wanamsoma mtu mmoja na kutoa habari mbili. Picha ya simu ina matatizo yale yale, tena zaidi, kwa sababu mkono ukiinama kidogo mbele ya kamera umbali kati ya mistari hupungua machoni. Hata alama ya wino kwenye karatasi, ambayo wasomaji wa zamani waliipenda, ina kasoro yake: katikati ya kiganja pana kishimo, hivyo sehemu ya pembenne mara nyingi haigusi karatasi. Ukiona doa jeupe katikati ya alama, jua kwamba mistari iliyo karibu yake imekatika au imehama. Na aliyekandamiza mkono kwa nguvu ili doa hilo lijae ameshaitandaza ngozi na kuipanua nafasi mwenyewe.

Mahali ambapo wasomaji wazuri huonyesha ujuzi si kwenye upana wenyewe, bali kwenye swali linalofuata: ni mstari gani uliosogea? Pembenne inaweza kubana kwa sababu mstari wa moyo umeshuka, au kwa sababu mstari wa kichwa umepanda. Kwao hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Moyo ukishuka kukifuata kichwa, wanasema hesabu zinatawala mapenzi. Kichwa kikipanda kuufuata moyo, hisia ndizo zinazoamua. Ili kutofautisha, hutazama umbali kutoka mstari wa moyo hadi shina la kidole cha kati. Ukiwa mkubwa kuliko kawaida ya mkono huo, moyo umeshuka. Ukiwa wa kawaida huku nafasi imebana, kichwa ndicho kilichopanda. Vivyo hivyo pembenne ya watu wengi hupanuka kuelekea kidole cha mwisho, kwa sababu mstari wa kichwa huteremka upande ule. Kwa dada yangu nafasi chini ya kidole cha mwisho ilifika milimita 20. Msomaji wa haraka angesema pana sana. Aliyezoea angeona kwamba kichwa tu ndicho kilichoinama, na angelizungumzia hilo kama wingi wa kuwaza na kubuni, asiuguse ukarimu.

Nimeieleza kazi hiyo jinsi wenyewe wanavyoifanya, kwa sababu ina utaratibu na anayetaka kuihukumu anapaswa kuujua. Ila sharti niseme ninachoamini: pembenne haisemi lolote kuhusu tabia. Mistari hiyo ni mikunjo. Hutokea tumboni mwa mama, ndani ya miezi mitatu na kidogo ya mwanzo wa mimba, kabla mtoto hajawa na rafiki wa kumpenda wala dini ya kuishikilia. Ngozi inahitaji mahali pa kujikunja vidole vinapofunga. Mstari wa moyo unatumikia kidole cha kati, cha pete na cha mwisho. Mstari wa kichwa unatumikia zaidi kidole cha shahada. Kwa vile kidole cha shahada huweza kujikunja peke yake, bawaba yake na bawaba ya wenzake hazikai pamoja, na ngozi iliyo kati ya bawaba hizo mbili ndiyo meza ya wazee wa Kilatini.

Kuna watu ambao kwao meza hiyo haipo. Mistari miwili imeungana ikawa mmoja unaokatiza kiganja chote. Wasoma viganja wamewaandikia maneno mazito: eti kichwa na moyo vimegongana, mtu huyo ni mkali, hana kiasi. Maneno hayo yananiuma, maana mstari huo mmoja huonekana kwa takriban nusu ya watoto wenye hali ya Down, na pia kwa watu wachache katika kila mia wasio na tatizo lolote. Daktari anaweza kuutazama kama dalili moja kati ya nyingi anapomchunguza mtoto mchanga, lakini mstari peke yake hauthibitishi kitu. Mzazi anayeambiwa na msoma kiganja kwamba mwanawe atakuwa katili kwa sababu ya mkunjo wa ngozi ametwishwa mzigo usio wake.

Miezi kadhaa baada ya kupimana, kidole cha pete cha mkono wa kulia wa dada yangu kilianza kunasa. Asubuhi kilikuwa kimejikunja, na alipokilazimisha kilifunguka kwa mlio wa ta! kama swichi. Ni ugonjwa wa kano: kano inayokunja kidole hupita ndani ya kitanzi kigumu kwenye kiganja, na kitanzi kikibana, kano inakwama. Alichomwa sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe, ikamsaidia kwa muda, kisha tatizo likarudi na ikaamuliwa apasuliwe. Nilikaa naye daktari alipomwonyesha mahali. Hakupima chochote. Aliufuata mstari wa moyo kwa ncha ya kalamu mpaka chini ya kidole cha pete, akaweka alama pale pale, kwa sababu kitanzi cha kidole hicho kiko chini ya mkunjo huo. Kwa kidole cha shahada, akasema, angeufuata mstari wa kichwa.

Alichanwa zaidi kidogo ya sentimita moja, akiwa macho, mkono umetiwa ganzi. Wiki sita baadaye alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. Kovu limelala ndani ya mstari wa moyo, na usipoambiwa huwezi kuliona.