Kichujio Kilichoficha Mikopo Chechefu

Dashibodi ya takwimu huweza kupotosha bodi hata kama kila hesabu ndani yake ni sahihi. Tuchukulie SACCOS yenye mikopo 1,000. Mchambuzi wake anataka kukagua malipo ya mwezi, hivyo anaweka kichujio cha kuonyesha mikopo yenye hali ya “Hai” pekee. Anamaliza, anahifadhi ukurasa, na kichujio kinabaki humo.

Mikopo 100 iliyoshindikana kulipwa ilishafutwa vitabuni, kwa hiyo haimo tena. Kati ya 900 iliyobaki, 27 imechelewa. Bodi inaona asilimia 3, inafurahi, na kulegeza masharti ya dhamana. Zikijumlishwa zilizofutwa, mikopo mibaya ni 127, yaani asilimia 12.7. Kinachosikitisha ni kwamba mikopo iliyoharibika kabisa ndiyo iliyoipendezesha picha.

Kosa hili halitoi onyo lolote kwenye skrini. Hugunduliwa kwa kulinganisha idadi ya mikopo kwenye dashibodi na ile ya leja: 900 dhidi ya 1,000. Ndiyo maana idadi hiyo, pamoja na vichujio vinavyotumika, yafaa iandikwe juu ya kila chati.