Riba ya Siku, ya Mwezi na ya Mwaka: Tofauti ni Shilingi Ngapi?

"Riba inahesabiwa kila siku." Tangazo la akaunti ya akiba likiwa na maneno hayo, wengi hudhani fedha zitakua kwa kasi kuliko kwa jirani anayelipwa riba mara moja kwa mwaka. Ni kweli zitakua zaidi. Ila kiasi cha hiyo "zaidi" ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri, na hesabu yake haihitaji mtaalamu.

Tuseme mfanyabiashara wa Tanga ana shilingi 1,000,000 na anataka kuziweka mwaka mzima bila kuongeza wala kutoa chochote. Mbele yake kuna akaunti tatu, zote zikitoa asilimia 10 kwa mwaka. Ya kwanza inaingiza riba kwenye salio mara moja, mwaka unapoisha. Ya pili inaingiza kila mwezi, na riba iliyoingia inaanza nayo kuzaa. Ya tatu inafanya hivyo kila siku.

Mwisho wa mwaka akaunti ya kwanza ina shilingi 1,100,000. Ya pili ina 1,104,713. Ya tatu ina 1,105,156.

Kutoka mwaka kwenda mwezi ameongeza shilingi 4,713. Kutoka mwezi kwenda siku, ambako riba inaingizwa mara 365 badala ya mara 12, ameongeza shilingi 443 tu.

Sababu inaonekana ukizifuata shilingi zenyewe. Kwenye akaunti ya pili, riba ya Januari ni shilingi 8,333. Ikiingia kwenye salio, inabakiwa na miezi 11 ya kuzaa. Ya Februari ina miezi 10, ya Machi 9, na kuendelea hadi ya Desemba, ambayo haipati hata mwezi mmoja. Kwa hiyo riba ya mwaka mzima, yaani kama shilingi 100,000, inakaa ndani ya akaunti kwa wastani wa karibu nusu mwaka. Asilimia 10 ya 100,000 kwa nusu mwaka ni shilingi 5,000. Hapo ndipo penye faida yote ya kuingiza riba mara nyingi. Akaunti ya mwezi tayari imechukua sehemu kubwa ya kiasi hicho, na ile ya siku inaokota masalia.

Jambo hili lilimshughulisha Jacob Bernoulli, mwanahisabati wa Basel, Uswisi, mwaka 1683. Alitaka kujua mtu angepata nini kama riba ingeingizwa mara nyingi zaidi na zaidi, hata kila kitambo kidogo cha muda. Kwa riba ya asilimia 100, shilingi moja inakuwa mbili ikiwa riba inaingia mara moja kwa mwaka, 2.61 ikiingia kila mwezi, na 2.71 ikiingia kila siku. Bernoulli aliona kwamba kuna ukomo usiovukwa. Leo tunajua ukomo huo ni takriban 2.718, namba ambayo wanahisabati huiandika kwa herufi e. Kwa mfanyabiashara wetu mwenye asilimia 10, ukomo ni shilingi 1,105,171. Benki ikimwingizia riba kila sekunde, atazidi akaunti ya siku kwa shilingi 15.

Muda mrefu unaongeza pengo, lakini mpangilio haubadiliki. Akiziacha fedha hizo miaka 10, akaunti ya mwaka itafika 2,593,742, ya mwezi 2,707,041 na ya siku 2,717,910. Kiasi cha 113,299 kati ya mwaka na mwezi si cha kupuuza. Cha 10,869 kati ya mwezi na siku, kwa miaka 10, ni kidogo sana.

Kinachopanua pengo kwa nguvu ni kiwango cha riba chenyewe. Kikiongezeka mara mbili, pengo linaongezeka karibu mara nne: kwa asilimia 20, akaunti ya siku inaizidi ya mwaka kwa shilingi 21,336 badala ya 5,156. Kwa asilimia 3, ambayo ni karibu zaidi na kinachotolewa na akaunti nyingi za kawaida za akiba, zinabaki 453 tu. Ndiyo maana mtindo huu unauma zaidi kwenye madeni, ambako viwango ni vikubwa. Mkopo wa asilimia 3 kwa mwezi, ukiachwa bila kulipwa na riba ikajumlishwa kwenye deni kila mwezi, hauwi asilimia 36 kwa mwaka. Unakaribia asilimia 43.

Turudi kwenye tangazo, maana limebeba jambo jingine lenye uzito kuliko hayo yote. Kuhesabu riba kila siku si sawa na kuiingiza kila siku. Mifuko mingi ya soko la fedha nchini Kenya, kwa mfano, huhesabu riba ya kila siku kisha huiingiza kwenye akaunti ya mwekezaji mwisho wa mwezi. Riba iliyohesabiwa tarehe 2 haizai chochote hadi mwezi uishe. Kwa ukuaji wa fedha, hiyo ni akaunti ya mwezi.

Hata hivyo kuhesabu kwa siku kuna thamani yake, na thamani hiyo inajitokeza siku mteja anapotoa fedha. Zipo akaunti za akiba zinazohesabu riba kwa salio la chini kabisa la mwezi. Mfanyabiashara wetu akitoa shilingi 900,000 kulipia mzigo, kisha akazirudisha baada ya siku 3, akaunti ya namna hiyo itamhesabia mwezi huo kana kwamba alikuwa na 100,000 muda wote. Badala ya riba ya 8,333 atapata 833. Amepoteza shilingi 7,500 kwa siku 3, zaidi ya faida yote ambayo akaunti ya siku ingempa juu ya ile ya mwaka. Akaunti inayohesabu kwa salio la kila siku ingemkata riba ya siku hizo 3 tu, yaani shilingi 740.

Kodi nayo ina neno. Tanzania riba hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, Kenya asilimia 15. Kwa riba ya 100,000, mkato wa Tanzania ni shilingi 10,000, karibu mara mbili ya kile kinacholetwa na kuingiza riba kila siku.

Kwa hiyo anayelinganisha akaunti mbili afanye kwanza kazi ya kuzigeuza ziwe za mwaka mmoja: shilingi 1,000,000 zitakuwa ngapi baada ya miezi 12, kodi ikishakatwa? Asilimia 10 inayoingizwa kila mwezi ni sawa na 10.47 inayoingizwa mara moja kwa mwaka, na inayoingizwa kila siku ni sawa na 10.52. Benki inayotoa asilimia 10.6 na kulipa mwisho wa mwaka inaipita ile ya asilimia 10 ya kila siku kwa shilingi 844 kabla ya kodi. Hesabu hiyo inasimama mradi fedha zikae hadi mwisho. Kwenye amana ya muda maalumu, mkataba ukivunjwa mwezi wa 9, riba inaweza kupunguzwa au kufutwa kabisa. Masharti ya kuvunja mkataba yanastahili kusomwa kabla ya kuweka saini, hata kabla ya kuuliza riba inaingia lini.