Upele, vipele na malengelenge: maneno ya kuielezea picha ya ngozi ya mtoto

Neno upele hufanya kazi mbili ambazo mfasiri hana budi kuzitenganisha. Kwa maana finyu ni ugonjwa mmoja mahususi, unaosababishwa na utitiri mdogo mno unaochimba ndani ya ngozi. Maana hiyo ndiyo iliyomo katika methali isemayo kuwa upele humwota asiye na kucha, kwani kiini chake ni muwasho. Kwa maana pana, iliyozoeleka katika mazungumzo, upele ni chochote kinachotokeza juu ya ngozi. Kwa hiyo maelezo kama “mtoto mwenye upele mwekundu mwilini” yanaweza kuwekwa chini ya picha ya surua, ya tetekuwanga au ya upele wenyewe, na msahihishaji asione kosa. Mzazi ndiye atakayelipata kosa hilo: atampaka dawa ya upele mtoto mwenye surua, kisha amrudishe darasani, ilhali surua huenea kwa hewa, tangu siku 4 hivi kabla ya vipele kutokeza hadi siku 4 baadaye.

Maelezo ya kufaa hujibu kwanza swali la umbo. Doa hubadili rangi ya ngozi tu, na kidole kikipita juu yake hakihisi kitu. Kipele kimeinuka na ni kigumu. Lengelenge limeinuka pia, lakini ndani lina maji. Kigaga ni ganda kavu linalobaki lengelenge likishapasuka au kunyauka. Baada ya umbo huja mtawanyiko: wapi vimejaa, wapi ni haba na wapi havipo.

Tuseme mfasiri ameletewa picha tatu zenye maelezo hayo mamoja. Ya kwanza inaonyesha uso na shingo ya mtoto. Madoa na vipele vidogo, visivyo na maji, vimesongamana nyuma ya masikio na kwenye paji la uso hata vimeungana kuwa mabaka, lakini kifuani bado ni vichache, macho yamewiva. Hii ni sura ya surua, ambayo huanzia usoni na kushuka kwa muda wa siku 3 hivi hadi miguuni. Kitenzi kinachofaa hapa ni kushuka, si kutapakaa, maana mwelekeo ni sehemu ya habari.

Picha ya pili ni ya kifua na tumbo. Katika eneo lisilozidi kiganja kuna doa jipya, kipele, lengelenge linalong’aa kama tone la maji na kigaga, vyote kwa pamoja. Mchanganyiko huo ndio alama kuu ya tetekuwanga, kwa sababu vipele hutoka kwa mafungu, siku baada ya siku. Kiwiliwili hujaa kuliko mikono na miguu. Ndui, iliyotangazwa kutokomezwa mwaka 1980, ilikuwa kinyume chake: malengelenge yake yalikwenda hatua moja, yakajaa zaidi usoni na kwenye viungo. Basi anayeandika “malengelenge mwili mzima” bila kutaja hatua zake amelifuta pambano lililowasaidia waganga kwa miaka mingi.

Ya tatu inaonyesha mkono. Vipele viko katikati ya vidole na kwenye kifundo, pamoja na mikwaruzo ya kucha na kistari chembamba kilichopindapinda, cha milimita chache. Kistari hicho ni njia ya utitiri. Kukiita “mchubuko” ni kuitupa alama iliyo bora kuliko zote. Vipele vya aina hii hupenda pia makwapa, kiuno na makalio, na kwa watoto wachanga hutokea hata viganjani na nyayoni.

Kivumishi chekundu kinahitaji tahadhari ya pekee. Katika ngozi nyeusi, wekundu wa surua huweza usionekane kabisa. Kinachoonekana ni ngozi iliyoparara kwa vipele vidogo, yenye weusi uliozidi au rangi ya zambarau. Mfasiri aliyeletewa matini iliyoandikiwa picha za ngozi nyeupe asihamishe rangi hiyo kwa mazoea. Aandike anachokiona.

Picha nayo ina mipaka. Haina homa wala kikohozi, ambavyo hutangulia vipele vya surua, na haisemi kama mtoto huwashwa zaidi usiku au kama ndugu zake nao wanajikuna, dalili zinazoelekeza kwenye upele. Upele uliokunwa ukaingia vijidudu hutunga usaha na kufanya vigaga, na picha ya karibu ya kigaga kimoja haiwezi kuutofautisha na tetekuwanga. Maelezo ya picha kama hiyo yataje kigaga na mahali kilipo, na jina la ugonjwa liachwe hadi ipatikane picha nyingine inayoonyesha mikono, kiuno na kiwiliwili.